Sekunde Saba za Mikono

Mtu akitaka kunikasirisha, aniambie kazi yangu ni ya kubonyeza tu. Nina duka dogo hapa Roret, mlango mmoja na dirisha moja, na humo ndani napiga picha za pasipoti, nachapisha barua, natoa kopi, na Jumamosi nafunga mlango niende kurekodi harusi. Baba yangu alikuja huku kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, akanizaa, na mimi nimezoea mvua ya saa nane mchana kiasi kwamba nikienda kwa shangazi zangu kule kwenye joto nashindwa kulala. Watu wa hapa wananiita Mama Picha. Wengine huongeza kwamba nina mdomo. Sikatai.

Mwaka huo kituo chetu cha majani chai kiliandaa mkutano wa wakulima wote katika ukumbi wa kanisa, na mwenyekiti akanipa kazi ya kuurekodi. Sababu yake ilikuwa moja. Mkutano uliotangulia uliisha kwa ugomvi kuhusu nani alisema nini, na kitabu cha kumbukumbu kilikuwa na kurasa mbili zilizolowa uji. Safari hii alitaka ushahidi usiolowa.

Mwenyekiti huyu ni mzee mwembamba wa kofia ya sufu, na dunia nzima anaiona kupitia mizani. Alianza kuwa mkali na mizani zamani, siku ambazo wakulima waliamini karani anaegemeza goti kwenye gunia. Tangu achaguliwe, mizani ya kituo inapimwa kwa jiwe lile lile kila asubuhi, mbele ya watu, na jiwe lenyewe analala nalo nyumbani. Watu humcheka, lakini wanampigia kura kila mara. Mimi pia ningempigia, kama ningekuwa na shamba.

Mkutano ulichukua masaa matatu na dakika sita. Niliiweka kamera kwenye stendi nyuma kidogo ya katikati, ikaona meza ya mbele na migongo na sura za ubavuni za karibu kila mtu. Kinasa sauti kiliwekwa mezani. Baada ya saa moja hivi mvua ikashuka juu ya mabati, na kuanzia hapo sauti yote ikawa mvua. Mwenyekiti alikuwa akifungua mdomo na kuufunga, watu wakisoma midomo na kuitikia kwa vichwa. Mkutano uliendelea tu. Huku kwetu ukisubiri mvua iishe ndipo uongee, hutaongea.

Katikati ya mvua hiyo ndipo lilipoletwa jambo la kogo. Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na huyu ninayemsema ni bibi wa watu wote wa kilima cha ng'ambo ya kijito. Kila siku ya kuchuma hubeba kikapu mgongoni, ateremke hadi kijitoni, avuke gogo lililolazwa pale kama daraja, kisha apande hadi kituoni. Mvua ikinyesha gogo lile linateleza vibaya sana, na mwaka uliopita aliteguka kiuno. Ombi lake lilikuwa fupi: lijengwe banda dogo la kupokelea majani upande wao, lori lifike huko mara moja kwa siku. Wanaokubali wakaombwa wainue mikono. Niliona mikono kwa macho yangu, mingi kabisa, nikaendelea kufuta ukungu kwenye lenzi.

Siku iliyofuata mwenyekiti alikuja dukani na mpango wake. Vijiji vinavyouza majani kituoni petu ni sita. Kila kijiji kitatoa mtu mmoja wa kuandika, na kila mwandishi atapewa kipande chake cha video kwenye simu, aangalie, aandike alichokiona na kusikia. Vipande sita vikiunganishwa ndiyo kumbukumbu ya mkutano. Kamati ikae Alhamisi, isome, ipitishe. Kitakachokuwa kwenye karatasi ndicho kimekubaliwa, kisichokuwemo hakikusemwa.

Halafu akaweka masharti mawili. La kwanza, vipande viwe sawa, na aliposema sawa alimaanisha hadi sekunde, maana hakuna mwandishi atakayekubali kubeba zaidi ya mwenzake. La pili, video isiguswe. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kubadilishwa mdomo akaonekana anasema asichosema. Alitaka ile ile iliyotoka kwenye kamera, imekatwa tu, kama mkate.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Ningemwambia: mzee, masharti yako mawili hayalali kitanda kimoja. Nilijua. Ukitaka kukata video kwenye sekunde kamili unayoitaka, lazima kompyuta ifungue kila picha na kuibana upya, na hapo umeshaigusa. Laptop yangu ingekoroma mpaka kesho yake, na sura za watu wa nyuma zingefifia. Ukitaka isiguswe, unainakili tu jinsi ilivyo, kazi ya dakika mbili, lakini huchagui wewe mahali pa kukata. Hayo yote niliyajua. Ila mzee aliniuliza, kwa upole wake wa kuudhi, "Ama hii ni kazi kubwa kwako? Tutafute yule kijana wa kompyuta kule Chepilat?"

Kijana wa Chepilat! Nikamwambia inawezekana, tena arudi baada ya chai.

Niliandika amri sita kwenye kompyuta, moja kwa kila kipande: anza sekunde hii, ishia sekunde hii, nakili bila kubana upya. Masaa matatu na dakika sita ukigawa kwa sita ni dakika thelathini na moja kamili, jambo lililonifurahisha kana kwamba nimelipanga mimi. Mwenyekiti aliporudi alikuta vipande sita vimejipanga kwenye kioo, vyote dakika thelathini na moja. Akavua miwani, akaivaa tena, akatikisa kichwa kwa raha ya mtu aliyeona mshale wa mizani ukisimama kwenye sifuri. Tulivituma kwa waandishi siku hiyo hiyo. Sikufungua hata kimoja kukitazama kinavyoanza. Nilitazama urefu tu, kwa sababu urefu ndio ulioulizwa.

Jumatano asubuhi kogo alikuja dukani. Alikuwa amevuka gogo lile kwa miguu yake na kiuno chake, bila kikapu, kuja kuniona mimi. Nikamsalimia chamgei, akaitikia kwa sauti ndogo, akaketi kwenye kiti cha kupigia picha. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya maandishi ya kipande cha nne, kazi ya mwalimu mstaafu wa kijiji cha juu, mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache. Mstari wa kwanza ulisema hivi: "Giza. Mvua. Kisha bibi mmoja ameinua mkono peke yake."

"Wameniandika peke yangu," kogo akasema.

Nilidhani mwalimu ana njama. Kituo cha sasa kiko karibu na lango lake, na mwezi mzima alikuwa ameanza kusema hadharani kwamba banda la pili litagawa wakulima. Damu ikanipanda, nikafungua kipande cha nne nimwonyeshe kogo uongo wa mwalimu. Kikaanza: kioo cheusi. Mvua ikivuma kwenye mabati. Nikahesabu moyoni hadi saba. Kisha picha ikaja ghafla, watu wote wameketi mikono mapajani, wengine wakirekebisha shali, na katikati yao, kwenye benchi la tatu, mkono mmoja tu uko juu. Ulikuwa wake. Mwalimu hakuwa ameongeza hata nukta. Nikafungua mwisho wa kipande cha tatu. Mwenyekiti anafungua mdomo, anainua mkono wake kuonyesha watu wafanye nini, na kipande kinakatika pale pale.

Nilijisikia vibaya, na mimi si mtu wa kujisikia vibaya kwa urahisi. Sekunde saba hazikuwa kwenye cha tatu wala cha nne, na ndizo zilizokuwa na mikono. Sauti isingesaidia, kwa sababu sauti ilikuwa mvua. Kesho yake kamati ingesoma kwamba ombi la banda liliungwa mkono na mwombaji mwenyewe, na kogo angeendelea kuteremka kijitoni mpaka siku kiuno kitakapokataa. Na wa kulaumiwa nilikuwa mimi na mdomo wangu wa inawezekana.

Nilimchemshia chai nzito, nikamweleza kosa langu, kwa sababu alistahili kulijua. Nilimwambia video si rundo la picha kamili. Kamera huweka picha moja kamili, halafu baada ya hapo huandika mabadiliko tu: huyu amesogea, yule ameinua kikombe. Baada ya muda huweka tena picha kamili nyingine na kuanza upya. Kwenye ukumbi ambao watu wameketi wametulia, picha kamili hizo zilikuja kila baada ya sekunde nane hivi. Mimi nilikata katikati. Kipande cha nne kikaanza na mabadiliko yasiyokuwa na picha ya kubadilisha, kwa hiyo programu ikayatupa yote mpaka ilipokutana na picha kamili iliyofuata. Sauti yenyewe haina shida hiyo, ndiyo maana mvua ilisikika.

Kogo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali la maana kuliko yote: "Kwa hivyo mikono iko mahali?"

Ilikuwepo. Rekodi nzima ilikuwa kwenye laptop, haijaguswa, kwa kuwa kunakili hakuharibu kinachonakiliwa. Nilivuta hadi saa moja na dakika thelathini na tatu, nikamgeuzia kioo. Akaangalia. Akaniomba nirudie. Mara ya tatu akaanza kuwaonyesha watu kwa kidole, yule, yule, na yule, chai yake ikapoa.

Nilikata upya hapo hapo, yeye akitazama. Safari hii amri ilikuwa moja: pita kwenye rekodi yote, nakili bila kubana, na kila ikikaribia dakika thelathini na moja usikate papo hapo, ngoja picha kamili ijayo ndipo ukate. Dakika mbili, vipande sita. Nikafungua mwanzo wa kila kimoja. Vyote vilianza na picha safi. Nikaviunganisha tena vyote sita, vikarudi masaa matatu na dakika sita, na pale kwenye viungo hapakuruka kitu. Lakini urefu sasa ulikuwa umepishana. Cha kwanza kilizidi kwa sekunde tano, cha tatu vilevile, na cha mwisho kilipungukiwa na sita. Niliangalia namba hizo nikajua Alhamisi itakuwa na kelele.

Kamati ilikaa kwenye banda la kituo pamoja na waandishi wote sita, saa nne asubuhi, kabla majani hayajaanza kufika. Nilibeba laptop yangu nikaiweka juu ya mizani, mahali pekee palipokuwa tambarare, jambo ambalo mwenyekiti hakulipenda. Kogo aliketi kwenye gunia tupu karibu na mlango. Nilieleza yote, na sikujificha nyuma ya maneno makubwa. Nilisema: kosa ni langu, niliahidi mambo mawili yasiyokwenda pamoja, na hivi hapa vipande vipya.

Mwenyekiti hakuuliza kuhusu mikono. Alivaa miwani, akasoma namba, akasimama. Vipande hivi havikuwa sawa, akasema. Cha kwanza kimezidi, cha mwisho kimepunjwa. Alisema kituo hiki kilijengwa juu ya usawa, na kwamba kama leo tutakubali sekunde tano, kesho tutakubali kilo tano. Wajumbe wawili wakaitikia. Nikaona kogo akishika ukingo wa gunia.

Nilitaka kumjibu kwa hasira, na niseme kweli, maneno yalikuwa tayari, tena matamu. Lakini macho yangu yakaenda kwenye kichaka cha chai nje ya banda, nikamwuliza swali badala yake.

"Mzee, ukichuma, unavunja mahali popote?"

"Hapana," akasema, kwa sauti ya mtu anayefundisha mtoto. "Majani mawili na chipukizi."

"Na mwenzako akija na chipukizi refu kidogo kuliko lako, mtakata liwe sawa?"

Nikamwambia video nayo ina mahali pake pa kuvunjika. Ukivunja hapo, kila kipande kinabaki kizima, hata kama kimoja kirefu kuliko kingine kwa sekunde chache. Ukivunja kwa rula unapata urefu sawa na majani yaliyopasuka. Ningeweza kulazimisha sekunde sawa, lakini hiyo ni kusaga na kubana upya, na yeye mwenyewe alikataza isiguswe.

Akaipiga piga mizani kwa kidole. Ndipo kogo akasema kutoka mlangoni, bila kuinuka, "Mwenyekiti, mizani ikiwa sawa na majani yamemwagika njiani, wewe umepima nini?"

Nadhani hakuna mtu mwingine pale ambaye angeweza kumwambia hivyo akabaki na heshima yake. Mwenyekiti alimtazama, akavua kofia yake ya sufu, akaikunja. Akasema onyesha.

Nilifungua kipande kipya cha tatu, nikavuta hadi mwisho. Mwenyekiti wa kwenye video akafungua mdomo, akainua mkono. Mvua ikavuma kwenye spika ndogo za laptop. Na mikono ikapanda. Ilipanda kwanza mbele, halafu ubavuni, halafu nyuma, mpaka sura zikafunikwa na viganja. Mwanamume mmoja aliinua mwavuli. Ukutani, chini ya dirisha, kulikuwa na mkono ulioshika daftari la kuandikia, na aliyelishika alikuwa na miwani na tai ya kahawia ambayo sisi wote tunaijua, kwa sababu ni moja tu aliyonayo.

Wote tukageuka kumtazama mwalimu mstaafu. Alikuwa na ile tai siku hiyo pia.

Mwalimu akasogeza uso karibu na kioo. Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaangalia daftari likipanda, akaondoa miwani, na kwanza mabega yake ndiyo yaliyoanza kutikisika, kicheko kikafuata baadaye.

"Huyo ni mimi," akasema. "Basi niandikeni."

Banda zima likacheka, hata mwenyekiti, ambaye akicheka hana sauti. Mwalimu alieleza kwamba siku ile aliona haya kumkatalia kogo mbele ya watu, halafu akarudi nyumbani akaanza kuwaza lango lake, na kadiri alivyowaza ndivyo alivyosahau daftari lake lilikuwa wapi. Alichukua kalamu, akakata mstari wake wa kwanza kwenye karatasi mbele yetu. Kipande chake kipya kilianza hapo hapo mikono iliposhuka, kwa hiyo hakuwa na cha kuandika kuhusu kura. Mwandishi wa kipande cha tatu ndiye aliyeongeza kwenye karatasi yake: "Karibu wote wameinua mikono." Kura ikapita kwenye karatasi kama ilivyopita ukumbini. Mwenyekiti alisaini, kisha akaniomba niondoe laptop yangu juu ya mizani, maana majani yalikuwa yameanza kufika.

Banda la ng'ambo ya kijito lilijengwa kabla ya mvua ndefu. Ni la nguzo nne na mabati machache, na mwenyekiti aliliwekea mizani mpya na jiwe lake la kupimia. Hadi leo nikimpelekea kazi yoyote iliyokatwa, huwa haangalii urefu kwanza. Anafungua mwanzo wa kila kipande, anaangalia kama kuna picha, ndipo anarudi kwenye namba akalalamika kidogo ili nisizoee.

Kogo alirudi dukani wiki banda lilipofunguliwa, na simu ambayo binti yake alimnunulia. Alitaka ile sehemu ya mikono, hiyo tu, aibebe. Nikamwambia amebahatika, kwa sababu mikono yote aliyoitaka ilikuwa kati ya picha kamili moja na nyingine, hivyo naweza kuikata nzima bila kuigusa. Sekunde nane. Nikaongeza nane zinazofuata, zile ambazo mikono imeshashuka na wake bado uko juu, nikidhani ndizo angezipenda zaidi, maana ndipo anapoonekana vizuri.

Aliangalia zote kumi na sita, amesimama, simu ameishika mbali na macho. Akanirudishia.

"Hizi za mwisho toa," akasema. "Niwekee zile niko na watu."